Glovu zimeisha tena: kutatua matatizo ya stoo ya zahanati

Ukikaa na watunza stoo wa zahanati za Rungwe, Busokelo au Mbeya Vijijini, malalamiko utakayosikia ni machache na yanajirudia. Leja inasema kitu kipo, rafu iko tupu. Agizo linapelekwa kila mzunguko na bado vitu vinaisha kabla gari la Bohari ya Dawa, MSD, halijarudi. Vyumba vinalia havina vifaa, nawe una maboksi mgongoni mwa mlango. Hapa chini nimeyapanga kwa dalili. Chini ya kila dalili sababu zimefuatana kuanzia inayotokea sana hadi ya nadra, kwa hiyo ukiziangalia kwa mpangilio huo mara nyingi hutahitaji kufika mwisho.

Mfano wangu mkubwa ni glovu za kawaida, zile za boksi la vipande 100. Zinatumika karibu kila chumba, hakuna anayezichunga kama dawa, na zikiisha hata kusafisha kidonda kunasimama. Ukiweza kuzidhibiti glovu, basi pamba, gozi na mabomba ya sindano hayatakusumbua.

Dalili ya 1: Leja inasema zipo, rafu inasema hazipo

Kabla ya kugusa leja, hesabu tena. Hesabuni wawili, mmoja ahesabu na kutaja kwa sauti, mwingine aandike, na yule anayehesabu asioneshwe salio la leja kabla hamjamaliza. Mtu anayejua kwamba leja inasema 14 atazipata 14, hata kama ziko 12. Pita pia sehemu za pili: chini ya meza ya kutolea, juu ya kabati la chumba cha kujifungulia, ofisi ya mganga mfawidhi. Shehena ikifika jioni huku mvua inanyesha, katoni huwekwa popote palipo pakavu na hapo hapo ndipo husahaulika.

Tofauti ikibaki baada ya hapo, iangalie yenyewe ilivyo, kwa sababu namba ya tofauti mara nyingi inakuonyesha chanzo.

Sababu inayoongoza ni kipimo cha kutolea. Chumba cha vidonda kinaandika "glovu 50". Muuguzi amemaanisha pea 50, yaani boksi zima. Mtunza stoo anampa boksi zima, maana ndicho anachokijua, lakini kwenye leja anasoma 50, anaona ni vipande, anatoa nusu boksi. Mambo haya yakitokea mara nne kwa mwezi, rafu imepungukiwa maboksi 4 na leja imepungukiwa 2. Mwezi wa tatu una maboksi 6 ya hewa kwenye vitabu, na hakuna mtu aliyeiba chochote. Kwa hiyo tofauti ikiwa nusu ya kilichotolewa, au ikigawanyika sawasawa kwa 50, anzia hapo. Mseto wa malaria una mtego wa namna hiyo hiyo: mmoja anaandika dozi, mwingine vidonge, na dozi ya mtu mzima ina vidonge 24.

Tiba yake ni kuchagua kipimo kimoja kwa kila kitu na kukiandika juu kabisa ya ukurasa wa leja, juu ya bin kadi, ile kadi ya salio ya kila kitu inayokaa rafuni, na kwenye fomu ya maombi kabla haijatolewa nakala. Kwa glovu napendelea "boksi la 100". Neno "pea" liachwe kwa glovu za upasuaji, ambazo zinafungwa kwa pea. Fomu iliyokuja bila kipimo usiikisie: mwite aliyeileta, muulize, andika jibu mbele yake.

Sababu ya pili ni utoaji wa usiku na wa dharura. Mama anafika saa nane usiku, uchungu umekaza, mwenye ufunguo yuko nyumbani, wanaamka, wanachukua, asubuhi kila mtu amechoka. Tofauti ya aina hii ni ndogo na haina mpangilio: leo 1, wiki ijayo 2. Kuwagombeza wahudumu hakusaidii, nao wana haki ya kuchukua. Kinachosaidia ni kabati la dharura kwenye chumba cha kujifungulia lenye orodha ya kudumu iliyobandikwa ndani ya mlango: glovu za kawaida maboksi 2, glovu za upasuaji pea 10, mabomba ya sindano 20, pamba rola 1, na kadhalika kulingana na kituo chenu. Kila asubuhi mtunza stoo analijaza hadi lifikie orodha, na kile alichojaza ndicho anachokiandika kwenye leja kama kimetolewa. Hapo hakuna anayetakiwa kukumbuka kilichotokea usiku, maana pengo lenyewe ndiyo taarifa.

Sababu ya tatu ni kalamu. Namba zimegeuzwa, 63 ikaandikwa 36. Makosa ya kugeuza tarakimu yana alama yake: tofauti hugawanyika kwa 9 bila kubaki, kama hiyo ya 27. Au hati ya kupokelea haikuingizwa, na tofauti ikawa sawa kabisa na katoni moja. Au salio la chini ya ukurasa halikuhamishwa sawasawa kwenda ukurasa mpya. Usianzie mwanzo wa leja. Anzia tarehe ya hesabu ya mwisho iliyosainiwa, shuka mstari kwa mstari ukiwa na hati zenyewe mkononi, na weka alama ya vema kila zinapokubaliana.

Ukiipata sababu, usifute na usipake korekta. Andika mstari mpya wenye tarehe ya leo, "marekebisho baada ya hesabu", idadi iliyoongezwa au kupunguzwa na sababu kwa maneno machache, kisha ninyi wawili msaini. Leja yenye marekebisho mengi yaliyoelezwa inaaminika kuliko leja safi isiyo na doa, na wakaguzi wanalijua hilo.

Simama hapa. Kama sababu hizo tatu zimekataa na tofauti inarudi kila mwezi kwa vitu vile vile vinavyouzika nje, usianze kumhoji mtu, usipekue mkoba wa mtu. Funga hesabu, weka nakala ya karatasi mlizohesabia, mpe taarifa ya maandishi mganga mfawidhi, naye aipeleke kwa mfamasia wa wilaya. Na kama tofauti ni ya dawa zinazodhibitiwa, kama diazepamu, pethidini au mofini, hata ampuli moja, usifanye marekebisho yoyote mwenyewe. Acha leja ilivyo, funga kabati, toa taarifa siku hiyo hiyo.

Dalili ya 2: Tunaagiza kila mzunguko, na kila mzunguko zinaisha

Hapa ndipo vituo vingi vimekwama, na karibu wote wanailaumu MSD kwanza. Wakati mwingine wana haki. Lakini kabla ya kunyoosha kidole barabarani, tazama namba mliyoipeleka wenyewe.

Chukua zahanati yenye mzunguko wa miezi 3, yaani siku 90. Robo ilianza na maboksi 12 ya glovu, ikapokea 20, jumla 32. Zote zilitolewa na salio likawa sifuri. Anayejaza taarifa anachukua 32, anagawanya kwa miezi 3, anapata karibu 11 kwa mwezi. Anaagiza kwa msingi huo. Robo inayofuata wanapata kama 32 tena, na glovu zinaisha pale pale zilipoishia mara ya kwanza.

Kilichosahaulika ni kwamba bin kadi inaonyesha salio lilifika sifuri siku ya 60. Siku 30 za mwisho hakuna kilichotolewa kwa sababu hakukuwa na cha kutoa. Hayo maboksi 32 yametumika kwa siku 60, si 90. Hesabu sahihi ni hii:

```
wastani wa mwezi = (kilichotolewa ÷ siku ambazo kilikuwepo) × 30
                 = (32 ÷ 60) × 30
                 = 16
```

Mahitaji halisi ni maboksi 16 kwa mwezi, 48 kwa robo. Tofauti kati ya 48 na 32 ni maboksi 16, yaani mwezi mmoja mzima bila glovu, ndio ule ule mliokaa bila. Agizo lilikuwa linajinakili: uhaba wa robo iliyopita unaandikwa kama matumizi madogo, matumizi madogo yanaleta agizo dogo, agizo dogo linaleta uhaba. Hata mfumo wa kompyuta wa maagizo, eLMIS, utakokotoa kwa kile ulichouingizia, kwa hiyo sehemu ya siku za kukosa dawa au kifaa usiijaze sifuri kwa mazoea. Hiyo ndiyo sehemu inayouvunja mzunguko huu.

Ili uweze kuijaza, lazima uwe umeandika tarehe. Siku kitu kinapoisha, chora mstari mwekundu kwenye bin kadi na andika tarehe. Siku kinapoingia, andika tarehe nyingine. Basi. Bila tarehe hizo mbili utabaki kukisia, na makisio ya mwisho wa robo huwa ya ukarimu.

Sasa agizo lenyewe. Kiwango cha juu cha kila kituo kinatolewa na mwongozo mnaoutumia. Tuchukue hapa kwamba ni miezi 4, yaani robo nzima na mwezi mmoja wa akiba. 16 mara 4 ni 64. Toa salio la rafuni, ambalo kwa zahanati yetu ni 0, na agizo ni maboksi 64. Mganga mfawidhi akishtuka kuona agizo limekuwa maradufu, mwonyeshe ule mstari mwekundu na zile tarehe mbili.

Sababu ya pili ni kuletewa pungufu. Mliagiza 64, zimekuja 40, na kwa kuwa siku ya kupokea kila mtu alifurahi kuona gari, hakuna aliyelinganisha. Linganisha hati ya kupokelea na nakala ya agizo mbele ya wajumbe wa kamati waliokuja kushuhudia, na andika pungufu siku hiyo. Maboksi 24 yasiyokuja yanafuatiliwa kwa njia yake: MSD wakithibitisha kwamba hawana, kituo kinaruhusiwa kwenda kwa mshitiri aliyepitishwa na mkoa, kwa fedha za kituo na kwa utaratibu wa halmashauri. Kukimbilia duka la karibu na stendi kwa sababu tu ni rahisi kunaleta hoja ya ukaguzi, na pengine glovu zinazochanika zikivaliwa.

Sababu ya tatu ni majira, na huku kwetu ina uzito. Juni na Julai baridi ya nyanda za juu inajaza benchi watoto wenye kikohozi na nimonia, na amoksilini inatoka haraka kuliko ilivyotoka Machi. Wastani uliokokotolewa kwa miezi ya Februari hadi Aprili hautatosha. Tazama ukurasa wa Juni na Julai wa mwaka jana kabla ya kupeleka agizo litakalotumika miezi hiyo. Mvua nayo ina yake: kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, barabara za milimani zinaweza kukata njia kwa siku kadhaa. Agizo la kipindi hicho lisichelewe hata kwa siku moja, kwa sababu kuchelewa kwenu na kuchelewa kwa gari vitajumlishwa.

Ukaguzi mwepesi wa kila Ijumaa unakupa onyo mapema. Zahanati inayotumia maboksi 16 kwa mwezi inatumia karibu 4 kwa wiki. Hesabu rafu, gawanya kwa 4, unapata wiki zilizobaki. Kama rafu ina 20, una wiki 5. Gari linatarajiwa baada ya wiki 7? Tatizo unalijua leo, ukiwa bado na glovu. Hiyo ndiyo siku ya kuomba agizo la dharura au kumpigia mfamasia wa wilaya kuuliza kituo gani jirani kina ziada. Ukimpigia rafu ikiwa tupu, naye hana la kukusaidia isipokuwa pole.

Dalili ya 3: Stoo ina vitu, vyumba vinasema havina

Mara nyingi chanzo ni siku za kutolea zisizojulikana. Mtunza stoo kwenye zahanati nyingi ni muuguzi huyo huyo anayepima wajawazito, kwa hiyo stoo inafunguliwa anapopata nafasi. Vyumba vinajifunza kuomba mara tatu ya mahitaji pale mlango unapokuwa wazi, kisha vinaficha. Ukikuta boksi la glovu nyuma ya mapazia ya chumba cha mapumziko, usihangaike na aliyelificha. Jiulize ni mara ngapi alikuja akakuta kufuli.

Weka siku mbili za wiki, tuseme Jumatatu na Alhamisi asubuhi, na uzishike kweli. Fomu ya maombi iwe na safu nne tu zinazosomeka: kilichobaki chumbani, kinachoombwa, kilichoidhinishwa, kilichotolewa. Safu ya kwanza ndiyo yenye kazi. Chumba cha sindano kikiandika kimebakiwa na mabomba 80 na kinaomba 100, wakati wiki iliyopita kilitumia 60, mazungumzo yanakuwa mafupi:

"Sista, hizi 80 zitakufikisha Jumatatu?"

"Zinafika, ila naogopa mtafunga."

"Hatufungi. Chukua 20, Jumatatu uje."

Punguza unapoidhinisha, lakini usipunguze kimyakimya. Andika 100 kwenye safu ya kuombwa na 20 kwenye ya kutolewa, zote mbili zibaki. Kama mtu anaomba kingi kila mara na kweli kinaisha, huenda kazi imeongezeka kwake, na safu hizo ndizo zitakuonyesha.

Sababu ya nadra, lakini ipo: vitu viwili vimepewa jina moja. Kanula ya rangi ya bluu na ya waridi ni saizi tofauti, 22 na 20. Chumba kikiomba "kanula" tu kinapewa iliyo karibu na mkono, kinairudisha, na vitabu vinasema kimepata.

Dalili ya 4: Vimeisha muda vikiwa rafuni

Angalia kwanza mpangilio. Shehena mpya ikiwekwa mbele kwa sababu ya uvivu wa kusogeza maboksi, ya zamani inazeekea ukutani. Kinachokwisha muda mapema kikae mbele na kitoke mapema, hata kama kiliingia jana. Andika mwezi na mwaka wa kuisha kwa kalamu nene upande wa boksi unaotazama mlango.

Kama mpangilio uko sawa na bado vinaisha muda, mmepewa kingi kuliko wagonjwa mlionao. Vipimo vya haraka vya malaria ni mfano mzuri. Zahanati ya juu kabisa Umalila, kwenye baridi, haina wagonjwa wa malaria kama ya Kyela kwenye joto la ziwani au ya mashamba ya mpunga Mbarali. Ukiona mnatumia vipimo 10 kwa mwezi na rafuni mna 200 vinavyoisha muda baada ya miezi 6, hesabu inasema 140 vitatupwa. Toa taarifa sasa hivi ili mfamasia wa wilaya avihamishe kwa hati, vikiwa bado na miezi ya kutosha kumfaa atakayevipokea. Vikibaki na wiki tatu hakuna atakayevitaka.

Simama hapa. Vilivyokwisha muda vitenge kwenye boksi lililoandikwa wazi, viondoe kwenye salio la kutolea, viorodheshe na namba za matoleo. Usivichome nyuma ya choo na usivitupe shimo la kondo la nyuma. Uteketezaji wa dawa una kibali na usimamizi wake kupitia halmashauri na mamlaka ya dawa na vifaa tiba, TMDA, na kazi yako inaishia kwenye orodha na kufuli.

Dalili ya 5: Maboksi yamelainika, yananuka uvundo

Huku tatizo la stoo kwa kawaida si joto. Ni unyevu, hasa Tukuyu ambako mvua haina aibu. Katoni iliyokaa sakafuni inavuta maji ya sementi, na pamba na gozi ndizo zinazoharibika kwanza. Inua kila kitu sentimita 10 kutoka sakafuni juu ya mbao au palleti, kiache sentimita 30 kutoka ukutani, na rundo lisizidi mita 2.5. Fungua madirisha mchana jua likiwaka, yafunge kabla ukungu haujaingia jioni. Usiwashe jiko la mkaa ndani ya stoo kukausha hewa. Nimewahi kuona likifanyika.

Bomba la sindano au glovu ya upasuaji ambayo pakiti yake imelowa haihesabiki tena kuwa safi, hata ikikauka na kuonekana nzima. Itenge na vilivyoharibika. Paa likivuja juu ya rafu, hamisha vitu leo, kisha mwachie fundi wa halmashauri paa lenyewe, hasa pale maji yanapotiririka karibu na waya au swichi: zima umeme kwenye swichi kuu ukiwa umesimama pakavu, na usiingie tena mpaka afike.